Bei ya Ubao na Bei ya Kitanda: Namna ya Kumchagua Muuzaji wa Mbao

Katika karakana za samani za Keko, jijini Dar es Salaam, na katika nyingine zilizo mfano wake toka Tanga hadi Mbeya, kumezuka desturi mpya ya kuwapima wauzaji wa mbao kwa jedwali la alama, ambamo bei hupewa fungu lake, uaminifu wa kutimiza ahadi hupewa fungu lake, ubora wa mbao na masharti ya malipo kadhalika, kisha mafungu hujumlishwa na mwenye jumla kubwa akapewa oda. Desturi hiyo imewafaa wengi, lakini imeleta na mtafaruku wake, kwa kuwa mafundi wawili wenye karakana jirani, wakiwapima wauzaji wale wale kwa mambo yale yale manne, huweza kutoka na majibu yanayopingana, na kila mmoja akaapa kwamba hesabu yake ni sahihi. Makusudio ya uchambuzi huu ni kuonyesha ikhtilafu hiyo inatoka wapi, na ni njia ipi ya kuhesabu inayomkaribia zaidi seremala katika hali yake halisi. Mfano utakaotumika ni wa mninga, ambao ndio mti unaotafutwa sana kwa vitanda na makabati ya bei nzuri.

Asili ya mtafaruku

Mfuko wa saruji hufika karakanani ukiwa umekwisha kuwa saruji, ilhali ubao hufika ukiwa bado unageuka. Mninga uliopasuliwa katika misitu ya miombo ya Tabora au Katavi hubeba maji mengi, na maji hayo hutoka kwa mafungu mawili: kwanza yale yaliyomo ndani ya matundu ya mti, ambayo kutoka kwake hakuubadili ubao umbo, kisha, unyevu ukishuka chini ya kiasi cha asilimia 28 au 30, hutoka yale yaliyoshikamana na nyuzi zenyewe, na hapo ndipo ubao huanza kupungua upana, kupinda na kupasuka ncha. Maana yake ni kwamba muuzaji anayeuza mbao mbichi na muuzaji anayeuza mbao kavu hawauzi kitu kimoja kwa bei mbili. Wanauza vitu viwili, na tofauti ya vitu hivyo hufichuka miezi kadhaa baada ya fedha kulipwa.

Tena mambo manne yanayopimwa hayasimami kila moja peke yake. Anayeuza kwa mkopo wa siku 30 ameingiza muhula huo ndani ya bei yake, hata kama hausemi. Anayeuza rahisi sana aghalabu hutaka arbuni kabla lori halijaondoka bara, kwa sababu mtaji wake ni mdogo, na udogo huo huo wa mtaji ndio unaomfanya achelewe, kwani akiharibikiwa na gari au akikosa fedha za ushuru hana pa kushika. Kwa hiyo anayeupa udogo wa bei alama nyingi, kisha akampunguzia muuzaji yule yule alama za malipo na za uaminifu, huenda anakihesabu kitu kimoja mara tatu kwa majina matatu.

Hoja ya wenye kushika bei

Wako mafundi wasiotaka jedwali lolote, nao husema kwamba seremala hodari huutengeneza ubao wowote, na kwamba faida ya kitanda hupatikana siku ya kununua mbao. Hoja hii isidharauliwe. Ina nguvu kwa fundi mwenye uwanja wenye kivuli, mwenye subira ya kuzipanga mbao kwa vijiti na kuzingoja, na mwenye wateja wasiokuja na tarehe mkononi. Mtu wa namna hiyo amejifanya mwenyewe kuwa mkaushaji, na ni haki yake kuichukua faida ambayo mkaushaji mwingine angemtoza.

Udhaifu wake ni kwamba bei inayotajwa sokoni si bei ya kitu kinachofahamika. Ubao wa inchi 1 kwa inchi 8 wenye urefu wa futi 12, endapo vipimo vyake ni kamili, huhitajika takriban 53 kutimiza mita moja ya ujazo. Tuseme mbao hizo 53 zimeuzwa kwa shilingi 1,600,000, na fundi akaweka rula ukingoni akakuta unene wake si inchi moja kamili bali inchi moja kasoro thumni yake, upungufu ambao jicho haliuoni ubao ukiwa umelala juu ya mwenzake. Alichonunua si mita moja tena, ni saba ya nane ya mita, na mita kamili imemgharimu zaidi kidogo ya shilingi 1,828,000. Hajafika bado kwenye ubao uliopinda, wala kwenye ile sehemu nyeupe inayokizunguka kiini cha mninga, ambayo fukusi huipenda na ambayo fundi mwangalifu huikata na kuitupa. Mwenye kushika bei peke yake ameshika namba iliyoandikwa kwenye risiti, na risiti haitengenezi kitanda.

Jedwali la alama, na ila iliyofichika ndani yake

Waliouona udhaifu huo ndio walioleta jedwali. Sifa yake kubwa ni kwamba humlazimisha mnunuzi kuyataja mapema anayoyajali, kabla hajakaa na muuzaji mwenye maneno matamu, na kwamba huacha maandishi ambayo mshirika wake au mtoto wake katika kazi anaweza kuyasoma na kuyahoji. Hilo ni jambo jema, na karakana yenye watu zaidi ya watatu haina budi nalo.

Lakini tuufuate mfano mmoja hatua kwa hatua, wa kubuni kwa namba zake, ili ila yake ionekane. Karakana inatumia mita 4 za mninga kwa mwezi, yaani mita moja kwa juma. Wako wauzaji watatu. Wa kwanza huleta mbao mbichi kwa lori moja kwa moja kutoka bara, kwa shilingi 1,600,000 kwa mita, na hutaka nusu ya fedha mwezi mmoja kabla. Wa pili ana bohari mjini, mbao zake zimekauka kivulini, bei yake ni shilingi 2,000,000 taslimu, na mzigo hufika siku hiyo au kesho yake. Wa tatu ana tanuri la kukaushia, huuza kwa shilingi 2,200,000 kwa mkopo wa siku 30, lakini hungoja tanuri lijae, basi mara mzigo huja baada ya juma moja, mara baada ya majuma saba.

Fundi anaamua kwamba bei ina alama 40, ubora 30, uaminifu 20 na malipo 10. Kwa ubora anawapa 12, 21 na 27 kwa utaratibu huo. Kwa uaminifu 10, 18 na 10. Kwa malipo 2, 5 na 9. Hapa hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwenye bei, kwa sababu shilingi zapaswa kugeuzwa kuwa alama, na ziko njia mbili za kuzigeuza ambazo zote hutumika na zote huonekana za haki.

Njia ya kwanza hugawa bei ya chini kabisa kwa bei ya kila muuzaji, kisha huzidisha kwa 40, hivyo wa kwanza anapata 40, wa pili 32, wa tatu 29 na ushei. Jumla zao zinakuwa 64, 76 na takriban 75, na oda inakwenda kwa mwenye bohari. Njia ya pili humpa aliye rahisi kabisa alama zote 40, aliye ghali kabisa sifuri, na aliye katikati sehemu inayolingana na mahali alipo baina yao. Hapo wa kwanza anapata 40, wa pili 13 na ushei, wa tatu hapati kitu. Jumla zao sasa ni 64, 57 na 46. Yule aliyekuwa wa mwisho ndiye wa kwanza, bila ya ubao mmoja kubadilika wala uzito wa jambo lolote kuguswa.

Ajabu zaidi hutokea akija muuzaji wa nne, mwenye mbao za shilingi 3,400,000, ambaye kila mtu anajua hatanunuliwa. Kwa njia ile ya pili kuja kwake kunamsogeza aliye ghali kabisa mbali, alama za bei za mwenye bohari zinapanda kutoka 13 hadi 31, jumla yake inakuwa 75, na anamshinda muuzaji wa kwanza ambaye dakika moja iliyopita alikuwa mbele yake. Mtu asiye na nafasi ya kushinda ameamua nani ashinde. Chombo cha kupimia kinachobadilisha uzito wa embe kwa sababu papai limewekwa kwenye meza hiyo hiyo si chombo cha kuaminiwa, na ndiyo sababu mafundi wawili jirani hutoka na majibu mawili: hawakuhitilafiana juu ya mbao, walihitilafiana juu ya namna ya kuzigeuza shilingi kuwa alama, nao hawakujua kwamba wamehitilafiana.

Hesabu ya shilingi kwa mita inayotumika

Rai ya tatu, ambayo ndiyo ninayoiegemea, huigeuza kazi yenyewe. Badala ya kuzigeuza shilingi kuwa alama, huyageuza mambo mengine yote yanayogeuzika kuwa shilingi, kisha huigawa jumla kwa kiasi cha mti kinachofika ndani ya kitanda. Alama zina ubishi kwa kuwa hakuna anayejua alama moja ni nini. Shilingi kila mtu anaijua.

Namba inayobeba hesabu hii ni sehemu inayotumika, yaani katika kila mita iliyolipiwa, ni kiasi gani kimegeuka kuwa miguu, mbavu na vichwa vya vitanda. Namba hiyo hukusanya ndani yake upungufu wa unene, kupinda, nyufa za ncha, fukusi na mafundo, pasipo kuhitaji kila ila ipewe alama yake. Kuipata hakutaki chombo chochote zaidi ya chokaa ya rangi na daftari. Mzigo ukifika, ncha za mbao hupakwa rangi ya muuzaji wake, nyekundu kwa huyu na buluu kwa yule, na ujazo uliolipiwa huandikwa. Mbao zinapokatwa, msimamizi huandika ni vipande vingapi vilivyokamilika vimetoka katika rangi ipi na kwa vipimo gani, na mzigo ukiisha hugawa. Mzigo mmoja haumtoshi mtu kuhukumu. Mitatu au minne huanza kusema kweli.

Tuseme daftari limeonyesha 50 katika 100 kwa muuzaji wa kwanza, 60 kwa wa pili na 66 kwa wa tatu. Tuseme pia fedha za karakana, zikilala, zina gharama ya asilimia 2 kwa mwezi. (Asiyekopa kwa riba asiliruke fungu hili, kwani fedha iliyolala kwenye mbao ingenunua vitasa au vitambaa na kuzunguka, aweke faida ambayo ingempa huko.)

Mita ya muuzaji wa kwanza ni shilingi 1,600,000. Arbuni ya nusu, kwa mwezi mmoja, inaongeza 16,000. Kisha mbao zinakaa kivulini miezi mitatu, na fedha yote imelala nazo, ambayo ni 96,000, na kuzipanga, kuzigeuza na kuzifunika tuseme ni 40,000. Jumla ni 1,752,000, na nusu yake tu ndiyo inayotumika, kwa hiyo mita iliyofika ndani ya kitanda ni shilingi 3,504,000. Mwenye bohari anauza kwa 2,000,000, mbao zake zinapumzishwa mwezi mmoja kwa 40,000, na 2,040,000 ikigawanywa kwa 0.60 inatoa 3,400,000. Mwenye tanuri anauza kwa 2,200,000, lakini mkopo wake wa siku 30 unaokoa 44,000, inabaki 2,156,000.

Uaminifu nao huingia hapa kwa shilingi. Kosa la kawaida ni kuupima kwa wastani wa siku za kuchelewa, ilhali kinachoiumiza karakana si wastani bali ni kubahatisha. Muuzaji anayechukua majuma matatu kila mara hana taabu, fundi humwagiza majuma matatu mapema. Taabu iko kwa yule wa juma moja au saba, kwa kuwa mtumiaji wa mita moja kwa juma, asiyetaka mafundi wake wakae bila kazi, analazimika kuweka akiba ya mita 7. Akiba hiyo ina thamani ya shilingi 15,400,000, kulala kwake ni 308,000 kwa mwezi, na ikigawanywa kwa mita 4 za mwezi ni 77,000 kwa kila mita. Basi mwenye tanuri anafika 2,233,000, na ikigawanywa kwa 0.66 inatoka takriban 3,383,000. Mwenye bohari hahitaji akiba hiyo, kwa kuwa zile mbao zinazopumzika mwezi mzima ndizo akiba yake. Na za muuzaji wa kwanza, zinazokaa miezi mitatu, kadhalika.

Matokeo yake ni kwamba aliye rahisi kabisa kwenye risiti ndiye aliye ghali kabisa kwenye kitanda, na wawili waliobaki wametofautiana kwa shilingi 17,000 hivi, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Hapa ndipo mtu asijidanganye. Daftari la karakana halina usahihi wa nusu ya asilimia, kwa hiyo hesabu hii imesema jambo moja kwa uhakika, kwamba wawili hao ni sawa, na imenyamaza juu ya mengine. Hata hukumu juu ya muuzaji wa kwanza haijafungwa: sehemu yake inayotumika ikipanda kutoka 50 hadi 52 kwa mia, atakuwa amewafikia wenzake, na ikifika 55, akiwa na fundi anayejua kukausha, atakuwa rahisi kuliko wote kwa shilingi 3,185,000. Fundi yule mwenye kushika bei, tuliyemwona mwanzo, huenda alikuwa na haki kwa uwanja wake, ila hakuwa na namba ya kulithibitisha.

Udhaifu wa njia hii ni wazi. Hutaka daftari la miezi kadhaa, na muuzaji mgeni hana daftari. Kwake yeye hakuna njia ila kununua kidogo, nusu mita kwa mfano, na kumpa mgeni namba ya 50 kwa mia mpaka mbao zake zionyeshe vinginevyo.

Yasiyofidiwa

Yako mambo mawili ambayo hayafai kupewa alama wala shilingi, kwa sababu punguzo la bei haliyaponyi. La kwanza ni uhalali wa mzigo. Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake, mbao husafirishwa kwa hati maalumu, zikiwa zimegongwa alama kwa nyundo ya serikali. Mzigo usio na hati ukishikwa njiani na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, arbuni ya fundi hushikwa nao. Muuzaji anayesema hati itafuata baadaye asiingizwe kwenye hesabu hata kidogo. Na uaminifu wa muuzaji una mipaka inayowekwa na msitu na dola, si tabia yake peke yake: Februari 2018 serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90 kisha kwa miaka, wenye viwanda vya kupasua mbao waliokuwa wakitimiza ahadi zao kwa muda mrefu walijikuta hawana magogo. Ndiyo sababu ni vema kumwuliza muuzaji magogo yanatoka wapi na ana vibali vya muda gani, kabla ya kumwuliza atafika lini.

La pili ni unyevu, na hapa ndipo penye kosa linalorudi baada ya mwaka, mteja akiwa mlangoni. Neno “kavu” sokoni halina kipimo. Kipimo kipo, na kinafanyika kwa mizani ndogo ya jikoni na joko: hukatwa kipande chembamba kutoka katika ubao, si nchani bali kiasi cha nusu mita ndani, kwa kuwa ncha hukauka mbele ya kati na humdanganya mnunuzi, hupimwa uzito papo hapo, hukaushwa kwa joto la nyuzi 103 mpaka uzito usipungue tena, kwa kawaida siku nzima, kisha hupimwa tena. Kipande kilichokuwa gramu 236 kikabaki gramu 200 kimepoteza gramu 36, na 36 hugawanywa kwa zile 200 za ukavu, si kwa 236, hivyo unyevu ni asilimia 18. Anayegawa kwa uzito wa kwanza hupata 15, na kwa kosa hilo la hesabu huweza kuupitisha ubao usiofaa.

Lakini 18 inafaa au haifai? Jibu liko nyumbani kwa mteja. Kwa hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu mwingi, ubao uliowekwa kivulini hushuka mpaka kiasi cha 14 au 15 kisha hukaa hapo, hata ukiachwa miaka. Kitanda cha nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi hufurahia hali hiyo, na mbao za mwenye bohari, zikiisha kupumzika mwezi wake mmoja, zinakitosha. Meza ya mbao hizo hizo ikipelekwa Dodoma, ambako kiangazi ni kikavu sana, au ikiwekwa katika ofisi inayopozwa kwa kiyoyozi mchana kutwa, mti utaendelea kushuka mpaka 10 na pengine chini yake, na uso mpana wa meza utapungua milimita kadhaa na kufunguka kwenye viungo. Kwa kazi hizo kivuli cha pwani hakitoshi hata kingengojwa milele. Ni tanuri tu. Hivyo ubora, ambao jedwali huupa alama 21 au 27 kana kwamba ni sifa iliyochongwa ndani ya ubao, kwa hakika ni uhusiano baina ya ubao na chumba utakaokaa.

Tanuri nalo lina ila yake. Mbao zilizokaushwa kwa haraka hukauka nje huku ndani kukivutana, na kipimo cha unyevu hakiuoni mvutano huo. Huonekana msumeno unapoupasua ubao kwa urefu, pande mbili zikajifunga na kuubana msumeno, au zikafunguka kama upinde. Mzigo ukifanya hivyo katika mbao tatu za kwanza, usipokelewe, na haki hiyo ya kukataa iandikwe katika oda kabla mzigo haujaja, si baada.

Kuzipima hoja

Tukiziweka rai tatu pamoja, ile ya bei inamfaa fundi anayejikaushia mwenyewe na anayeweka daftari la sehemu inayotumika, na haimfai mwingine. Jedwali la alama linabaki na kazi, ila kazi ndogo kuliko inayopewa: lipime yale yasiyogeuzika kuwa shilingi, kama vile muuzaji kukubali kubadilisha ubao mbovu bila ugomvi, au kupiga simu mapema akijua atachelewa, na litumiwe pale tu ambapo hesabu ya shilingi imewakuta wauzaji wakiwa sawa. Bei isiingie ndani yake kabisa, kwa kuwa imekwisha kuhesabiwa, na kuingia kwake ndiko kulikoleta majibu yale mawili.

Kwa karakana ya mfano wetu, ambayo tuseme theluthi moja ya kazi zake huenda Dodoma au kwenye maofisi, utaratibu unajitengeneza wenyewe. Mita moja na theluthi ya kila mwezi, ya kazi za kavu, ni ya mwenye tanuri pasipo kushindanishwa na mtu, kwa maana wengine hawana kitu hicho. Mita mbili na theluthi mbili zilizobaki, za vitanda vya pwani, ni za mwenye bohari, kwa kuwa hesabu imewafanya sawa na yeye hafungi shilingi milioni 15 za karakana katika akiba. Isitoshe, mahitaji ya tanuri yakishuka mpaka theluthi, akiba ya majuma saba inashuka nayo, haihitajiki zaidi ya mita mbili na theluthi. Muuzaji wa bara apewe oda ya mita moja mwishoni mwa masika, wakati mvua zimekatika na miezi ya kukaushia iko mbele, kwa masharti kwamba fedha ya arbuni iwe robo badala ya nusu, na ncha za mbao zake zipakwe rangi yake. Mita hiyo ikitoa 52 kwa mia au zaidi, jina lake lirudi mezani kwa oda za mwakani.